Dedilaini ya kweli unaitoa kwenye kalenda ya mteja

Nauza masweta ya shule hapa Kampala, na kazi kubwa naifanya kwa imeli, naandikia mabasa, wale wanaoshika hela za shule, na mahedimasta (mara nyingi kwa Kiingereza, lakini hapa naweka kwa Kiswahili tuelewane). Watu wengi wakitaka mteja aharakishe wanaandika "ofa inaisha leo usiku", kesho yake wanatuma tena ofa ileile. Mabasa wanajuana jamani, wanapigiana simu kuulizana bei, ukimwambia huyu zimebaki nafasi tatu na yule umemwambia hivyohivyo mwezi uliopita basi umekwisha.

Mimi kabla ya kuandika neno lolote la haraka najiuliza swali moja tu, huyu mtu akijibu siku moja baada ya tarehe niliyompa, nini kitabadilika? Kama jibu ni hakuna, hiyo sentensi naifuta. Na kama kitu kitabadilika kweli, basi hicho kitu ndiyo imeli yenyewe.

Tarehe naipata kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka siku ambayo mteja mwenyewe anahitaji mzigo. Chukua shule ya praimari inayotaka masweta 600 na inafungua tarehe 2 Februari. Nataka yawe yamekwisha Jumamosi tarehe 24 Januari ili ile wiki moja ibaki akiba. Mafundi wetu wanashona masweta 30 kwa siku, kwa hiyo 600 ni siku 20 za kazi. Wakirudi kutoka Krismasi Jumatatu tarehe 5 Januari, wakafanya Jumatatu mpaka Jumamosi, wana siku 18 tu, yaani siku mbili lazima zitoke Desemba, tarehe 22 na 23 kabla hatujafunga. Halafu kabla ya kushona kuna wiki moja ya kutafuta nyuzi za rangi ya shule na wiki nyingine ya kutengeneza sampo mpaka shule ikubali. Ukirudi nyuma hivyo unatua Jumatatu tarehe 8 Desemba. Hiyo tarehe sijaitunga, imetoka kwenye hesabu.

Sasa wengi wakishaipata wanaandika tu "mwisho tarehe 8 Desemba" wanatuma, na kwa basa hiyo inafanana kabisa na ile ya uongo. Weka hesabu ndani ya imeli aione. Yangu huwa hivi:

"Mnafungua tarehe 2 Februari. Masweta 600 yanatuchukua siku 20 za kushona, na wiki mbili kabla ya hapo za nyuzi na sampo. Oda ikithibitishwa tarehe 8 Desemba, mzigo wote unakuwa tayari tarehe 24 Januari, na hapo tuna wiki moja ya akiba. Ikichelewa wiki moja, bei haibadiliki, ila masweta mengine yatakuja shule imeshafunguliwa. Nani atakubali sampo kama hedimasta amesafiri likizo?"

Ile sentensi ya bei haibadiliki watu wananiambia niitoe eti inampa mteja ruhusa ya kulala. Mimi naona inafanya sentensi inayofuata iaminike. Na ile wiki ya akiba usiifiche, ukiificha basa akaja kugundua kwamba tarehe yako ilikuwa na nafasi ndani yake, mwaka ujao kila tarehe utakayompa atajiongezea wiki. Nikiona majibu yanauliza tarehe na sampo najua imeli imefanya kazi, yakiuliza diskaunti tu ujue hesabu haikumgusa.

Imeli ya pili natuma kama hesabu imebadilika, kwa mfano oda nyingine imeingia ikachukua siku tatu za mafundi, namwambia hivyohivyo na tarehe mpya. Kama hakuna kilichobadilika naweza kumkumbusha, lakini sipandishi sauti.

Kazi ngumu inakuja tarehe ikipita. Mteja anajibu tarehe 15, na wewe kwa njaa ya oda unasema "hakuna shida" kama vile 8 haikuwepo, hapo umeigeuza dedilaini ya kweli kuwa ya uongo. Hesabu upya. Nyuzi zinaingia wiki ile ya 15, sampo inasubiri Januari 5 hadi 10, kushona kunaanza 12, kwa hiyo mpaka tarehe 24 unakuwa na masweta 360. Yaliyobaki 240 ni siku nane, na tarehe 26 ni sikukuu hapa Uganda, yatakwisha tarehe 4 Februari. Namwandikia basa namba hizo, na namwomba aniambie saizi za praimari wani na wanafunzi wageni tuanze nazo, maana wale wa zamani bado wana sweta za mwaka jana.