Chupa ya asilimia 10 haikufai bado: niasinamaidi kwa anayeanza

Ujumbe umeingia juzi kutoka Mikindani. "Shikamoo dada. Nimenunua seramu ya niasinamaidi ya asilimia 10 pale mjini Mtwara, napaka asubuhi na usiku, leo siku ya tisa. Uso unanichonyota pembeni mwa pua na mashavuni, ngozi inavuta, na vichunusi vipya vimetoka kidevuni. Muuzaji anasema ni uchafu unatoka, nivumilie. Nivumilie?"

Marahaba, mdogo wangu. Usivumilie. Acha leo hii, na maelezo ya muuzaji uyaache hapo hapo dukani. Kuna dawa za chunusi ambazo huharakisha ngozi kujibadilisha, na hizo kweli huweza kutoa vichunusi wiki za mwanzo. Niasinamaidi haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo haina "uchafu" wa kuutoa. Uso ukichonyota na vipele vikazuka siku ya tisa, huo ni mwasho, na mwasho kwenye ngozi yetu nyeusi huacha doa. Utajikuta unapaka dawa ya madoa inayokuletea madoa.

Nimemuuliza anaoga na nini. Uso anaosha kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia, na mara mbili kwa wiki anausugua kwa sukari na ndimu. Hapo ndipo jibu lilipo, lakini ili lieleweke lazima kwanza tujue niasinamaidi inafanya nini ikishaingia ndani ya ngozi.

Ni vitamini B3, inayoyeyuka kwenye maji. Kazi yake ya kwanza ni ukuta. Fikiria nyumba ya kukandika: miti na fito ndiyo seli za juu za ngozi, udongo uliojazwa katikati ndiyo mafuta ya asili ya ngozi yenyewe, na sehemu kubwa ya mafuta hayo huitwa seramaidi. Udongo ukidondoka, upepo unapita na mvua inapita. Niasinamaidi huisukuma ngozi itengeneze seramaidi zaidi, yaani inasaidia kukandika upya. Ngozi iliyokandikwa vizuri haipotezi maji ovyo na haichonyoti kwa kila kinachoigusa.

Kazi ya pili ndiyo inayowavuta wengi, madoa. Rangi ya ngozi, melanini, hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini, kisha hufungwa kwenye vifuko vidogo na kukabidhiwa seli za juu. Chunusi au jeraha likipona, mahali pale hukabidhiwa vifuko vingi kupita kawaida, ndiyo lile doa jeusi linalobaki. Niasinamaidi hupunguza makabidhiano hayo. Haiui seli za rangi wala haichubui, na hapa naomba nisomwe vizuri kwa sababu bado kuna wanaoiweka kapu moja na mkorogo. Rangi yako uliyozaliwa nayo haitaondoka. Kinachofifia ni doa, pole pole, kadiri seli zenye rangi nyingi zinavyopanda juu na kubanduka zenyewe, na zinazofuata zinakuja na rangi ya kawaida. Ndiyo maana huwezi kuona lolote la maana kwenye doa ndani ya siku tisa. Hesabu wiki 8 mpaka 12.

Ya tatu ni mafuta ya uso. Yanapungua kidogo, na hilo huonekana mapema kuliko mengine, wiki ya 2 mpaka ya 4.

Sasa asilimia. Asilimia 5 maana yake gramu 5 katika kila gramu 100 za bidhaa, kwa hiyo chupa ya mililita 30 ina kama gramu 1.5 za niasinamaidi, na ya asilimia 10 ina gramu 3. Mtu akiona 10 anaona mara mbili ya faida, lakini ngozi haihesabu hivyo. Utafiti wa mwaka 2006 kuhusu mafuta ya uso ulitumia asilimia 2 tu, na mafuta yalipungua. Utafiti wa madoa uliochapishwa mwaka 2002 ulitumia 5. Mwaka 2011 asilimia 4 ililinganishwa na haidrokwinoni ya asilimia 4 kwa wanawake wenye mabaka meusi usoni, kwa wiki 8, na matokeo yalikaribiana huku niasinamaidi ikisumbua ngozi kidogo kuliko haidrokwinoni. Haidrokwinoni hiyo ndiyo iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu. Kwa chunusi zilizovimba, jeli iliyopimwa ilikuwa ya asilimia 4. Kazi yote inayojulikana ya niasinamaidi, kwa hiyo, iko kati ya 2 na 5. Ile 10 imeandikwa kwa wino mkubwa kwa sababu namba kubwa inauzika, na inaniuma kuona watoto wa watu wanailipia kwa mashavu yao.

Jibu langu kwa anayeanza ni hili: kama ngozi yako ni ya kawaida au ya mafuta na haichonyoti, anza na 5. Kama ni kavu, au inachonyota ukipaka hata losheni tu, anza na 2 na ukae nayo mwezi mzima.

Wengi watauliza mbona bidhaa yangu haijaandikwa asilimia. Geuza kopo usome viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, mpaka kufikia asilimia 1, chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Kwenye picha ya losheni yake aliyonitumia mdogo wetu, jina `Niacinamide` linakuja baada ya `Phenoxyethanol`. `Phenoxyethanol` ni kihifadhi, na sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Basi kinachoandikwa nyuma yake kwa kawaida hakifiki 1. Losheni ile si mbaya, inalainisha ngozi, lakini kwa madoa isihesabiwe. Ukikuta jina hilo nafasi ya pili, ya tatu au ya nne, baada tu ya maji na gliserini, hapo kuna kiasi cha kufanya kazi.

Turudi Mikindani. Sabuni ya kufulia ni kali, inaondoa uchafu pamoja na ule udongo wa ukuta. Ndimu ni asidi kali, sukari inakwangua. Ukuta ulikuwa umeshatoboka kabla seramu haijanunuliwa, kisha ikamiminiwa niasinamaidi ya asilimia 10 mara mbili kwa siku, na kwa maelezo yake anajaza bomba lote la kudondoshea kila anapopaka. Tena asubuhi nyingine anapaka seramu dakika chache tu baada ya kusugua ndimu. Niasinamaidi hutulia kwenye uchachu mdogo kama wa ngozi yenyewe au karibu na maji ya kawaida. Ikikaa kwenye asidi kali kwa muda, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya nikotiniki, ambayo hutanua mishipa midogo ya damu na kuleta joto na mwasho. Dakika chache usoni hazitoshi kuigeuza sana, ila ndimu peke yake inatosha kuunguza. Ole wake anayekamulia ndimu ndani ya chupa ya seramu ili "iwe na nguvu", maana huyo anaipa asidi muda wote inaoutaka. Na kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu ndipo ujue umeungua, hutauona vizuri. Sikiliza joto, kuchonyota na kuvuta.

Afanye hivi. Wiki mbili bila seramu, bila ndimu, bila sukari. Uso uoshwe usiku kwa sabuni laini ya uso isiyo na manukato makali, asubuhi maji tu, kisha losheni ya kawaida. Dalili kwamba ukuta umerudi ni rahisi: unapaka losheni na hausikii chochote. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado inachonyota, aongeze wiki nyingine, asikimbilie.

Baada ya hapo ajaribu ya asilimia 5 nyuma ya sikio au chini ya taya, usiku tatu mfululizo mahali pale pale. Pakiwa kimya, aanze usoni usiku mmoja kisha aruke mmoja au wawili, isizidi mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili. Matone mawili au matatu yanatosha uso mzima. Yapakwe ngozi ikiwa na unyevunyevu bado, asubiri dakika moja, kisha losheni juu. Ikienda salama, kila usiku. Asubuhi ni mafuta ya kukinga jua, kinga 30 au zaidi, na kwa jasho la pwani yetu yarudiwe mchana kama yuko nje. Jua la Mtwara linaweka rangi kwenye doa haraka kuliko niasinamaidi inavyoizuia, na anayeruka hatua hii atanunua chupa tatu bila kuona tofauti.

Kuna doa moja shavuni ambalo anasema halikutokana na chunusi. Anabangua korosho msimu ukifika, na utomvu wa ganda ulimrukia, ukaunguza, ukapona mwezi uliopita. Utomvu ule huchoma kama asidi na hushikilia mikono, mtu akijifuta jasho ameshauhamishia usoni. Doa lililopona, ngozi ikiwa imefunga na laini, linaweza kupakwa 5 kama mengine. Kidonda kibichi au kinachochubuka kisipakwe niasinamaidi ya asilimia yoyote. Na wakati wa kubangua apake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, akimaliza ajifute kwa mafuta tena, ndipo aoshe kwa sabuni, maana utomvu ule hauondoki kwa maji.

Mwisho ameuliza kama aitupe ile chupa ya asilimia 10, hela yake inamuuma. Asiitupe. Joto la chumbani haliiharibu kama linavyoharibu vitamini C, mradi ifungwe na isiachwe juani. Ngozi ikishapoa na jaribio la chini ya taya likipita, anaweza kuchanganya kiganjani, wakati wa kupaka tu, tone mbili za seramu na losheni isiyo na niasinamaidi inayolingana na matone mawili. Hapo amepata kama asilimia 5. Mchanganyiko ukitoa vijiuji vyeupe vinavyoviringika usoni, losheni hiyo na seramu hiyo hazipatani, abadili losheni. Asithubutu kuongeza maji ndani ya chupa. Kihifadhi kilipimwa kwa ujazo ule ule wa mwanzo, ukikizimua vijidudu vinaota humo, na harufu au ukungu utauona umechelewa, umeshajipaka.