Madogo, "endelea na warfarini" mpaka lini?

Jana kwenye raundi nimefungua faili la mama wa baipasi, siku ya sita, nakuta kaandikiwa "AF, anza amiodaroni, anza warfarini, endelea". Nikamuuliza dogo aliyeandika, endelea mpaka lini? Akaniangalia kama nimemuuliza tarehe ya kiyama. Sijamgombeza sana maana mwandiko ule naujua, niliwahi kuandika hivyohivyo na mzee wa watu akanirudia na damu kwenye kifuko cha moyo. Nitafika huko, lakini tuanze na mengine maana bila hayo hiyo stori haieleweki.

1. Mnashangaa sana AF ikitokea, wakati ilishatoa taarifa. Kwa baipasi peke yake tegemea mgonjwa mmoja kati ya watatu au wanne, ukiongeza na valvu unakaribia nusu, na inapenda siku ya pili na ya tatu. Ndio siku ambazo uvimbe wa ndani uko kileleni, perikadiamu imekasirika, kuna damu imetuama nyuma ya atriamu ya kushoto inachokoza ukuta wake, maji mliyompa thieta yanarudi kwenye mishipa na kuivuta atriamu, adrenalini inatiririka, ya kwake na ya kwenye dripu yenu, halafu juu ya hayo yote kuna mtu kasimamisha bisoprololi tangu usiku wa opresheni na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Sasa atriamu yenyewe kama ni ya mtu wa miaka 70, au ni ya binti wa miaka 28 mwenye mitro stenosisi ya rumatiki na atriamu imetanuka kama puto, moto unawaka kwenye kuni kavu.

Ndiyo maana wengi wao hurudi sainasi ndani ya wiki sita, kwa sababu kilichochokoza kimepoa. Shikeni hilo, lina kazi huko chini.

2. Kabla hujamkimbilia mgonjwa na amiodaroni, angalia kwanza presha. Kama imeanguka na mtu anazimika, huyo ni wa kushtua na umeme, si wa kusubiri dripu. Kama yuko vizuri, tulia, cheki potasiamu na magnesiamu, cheki oksijeni, cheki maumivu, cheki kama adrenalini bado inahitajika au inaendelea kwa mazoea tu. Na kama huna uhakika ni AF au flata, zile waya za atriamu zinazotokea upande wa kulia wa mgonjwa si mapambo. Unganisha moja na V1 ya ECG, mawimbi ya atriamu utayaona makubwa kama milima ya Uluguru.

Halafu hili, nalirudia kila mwaka: AF inayoanza siku ya sita, ya saba, kwa mtu aliyekuwa anatembea vizuri kwenye korido, mpige eko kabla ya kumpa kitu cha kuyeyusha damu. Wakati mwingine AF ndiyo barua ya kwanza ya damu inayojikusanya kwenye perikadiamu, na wewe unaijibu kwa heparini.

3. Kuzuia. Beta bloka isisimamishwe bila sababu na irudi siku ya kwanza presha ikiruhusu, hiyo peke yake inafanya kazi kuliko mbwembwe nyingi. Amiodaroni ya kinga ipo kwa wenye hatari kubwa. Statini ya kuanzisha dakika za mwisho haisaidii AF, ilishajaribiwa kwa rosuvastatini ikaonekana haina faida na figo zikalalamika. Potasiamu, najua mmefundishwa kuikimbiza ifike 4.5, mimi pia, lakini utafiti wa TIGHT-K wa mwaka 2024 kwa wagonjwa wa baipasi ulionyesha kusubiri mpaka ishuke chini ya 3.6 ndipo uongeze hakukuleta AF zaidi, kwa hiyo acheni kumwamsha sista saa tisa usiku kwa 4.2.

Cha thieta nakipenda zaidi. Bosi akikata tundu nyuma ya perikadiamu upande wa kushoto, damu na maji badala ya kutuama nyuma ya moyo vinashukia kwenye plura na dreni inavitoa. Utafiti wa PALACS wa New York, wagonjwa 420, matokeo yake 2021: waliokatwa tundu 17% walipata AF, wasiokatwa 32%. Ni kazi ya dakika chache. Ukiwa umeshika ritrakta, uliza kwa adabu, "Bosi, tunafungua nyuma?" Akikutolea macho, vumilia.

4. Sasa mzee wangu.

Nilikuwa registra mwaka wa kwanza, najiona nimeshaiva. Mzee wa miaka 67, sukari na presha, baipasi ya mishipa mitatu, mcheshi, anamwita kila sista "mwanangu". Usiku wa siku ya pili monita inalia, mapigo 148, presha 104 kwa 62. Potasiamu 3.3. Bisoprololi haijarudishwa, nani alitakiwa kuirudisha, mimi. Nikampa potasiamu na magnesiamu, nikaanza amiodaroni, 300 mg kwa saa moja kupitia laini ya kati halafu 900 mg kwa saa 24, asubuhi akawa sainasi nikajipongeza kwa chai ya maziwa. Siku ya nne ikarudi, ikakaa zaidi ya siku mbili. Hesabu yake ya CHA2DS2-VASc ilikuwa 4: umri, presha, sukari, mishipa. Kwa hiyo kumwanzishia warfarini halikuwa kosa, na dreni zilishatoka, na bosi alikubali. Nikaanza 5 mg kila jioni.

Siku ya kumi sainasi, INR 2.3, mzee anataka kwenda kwake, kitanda kinahitajika, nikakaa kuandika karatasi ya ruhusa. Niliandika hivi, naikumbuka mpaka leo: warfarini 5 mg, amiodaroni 200 mg mara mbili, aspirini, bisoprololi, atovastatini, endelea, kliniki baada ya wiki mbili. Mwandiko mzuri kabisa. Ndani ya mstari huo mmoja kulikuwa na makosa matatu na mimi sikuona hata moja.

La kwanza, amiodaroni inazuia ini kuivunja warfarini, na haizuii siku moja, inazidi taratibu kwa wiki kadhaa kadiri dawa inavyojikusanya. INR ya 2.3 ya siku ya kumi ilikuwa picha ya gari lililo kwenye mwendo, mimi nikadhani limeegeshwa. Warfarini ilitakiwa kupunguzwa kwa theluthi hivi mpaka nusu. La pili, INR wiki mbili baadaye kwa mtu aliyeanza dawa mbili zinazogombana, wakati alitakiwa kupimwa mara mbili wiki ya kwanza na kila wiki baada ya hapo. La tatu, "endelea".

Siku ya 20 mwanawe akampigia sista simu, si mimi, kwamba baba hali, anasema mwili hauna nguvu, kichefuchefu, kukojoa kumepungua. Sista akamwambia aje. Mimi nilipoambiwa nikasema itakuwa ni mafua au sukari, maana kifua hakimuumi na hapumui kwa shida sana. Jamani, tamponadi ya kuchelewa haiji na tarumbeta kama ya vitabuni. Inakuja kama uchovu. Alipofika presha ilikuwa 88 kwa 70, angalieni hizo namba mbili zilivyokaribiana, mapigo 118, mishipa ya shingo imejaa. Nikashika eko mwenyewe, nikaangalia kwa mbele, naona maji kidogo tu, nikapumua. Registra mwenzangu akanisogeza, akaweka probu chini ya kifua, akaonyesha donge lote limekaa nyuma, limeikandamiza atriamu. INR ikarudi 8.7.

Vitamini K mshipani, plasma, na thieta usiku uleule, wakafungua kwa chini ya kifua, ikatoka damu nyeusi kama mililita 700, na presha ikapanda mbele ya macho yetu kabla hata hawajamaliza kufyonza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona. Bosi hakunigombeza, akaniuliza tu, "Hii warfarini ulipanga aache lini?" Sikuwa na jibu.

5. Sasa lini. AF ya masaa machache iliyopita yenyewe, wengi wetu hatuanzi. Ikipita saa 48 au ikiwa inarudirudi, na hatari ya kiharusi iko juu, na bosi ameridhika na damu ya kwenye dreni, anza, na waya za atriamu zitolewe kabla INR haijapanda, msije kuzivuta kwenye INR ya 3 mkaniita. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2023 wanasema siku 60 halafu mpime upya kama bado anahitaji, na hapo unakumbuka ile kwamba wengi hurudi sainasi ndani ya wiki sita. Wazungu wa Ulaya kwenye wa 2024 wanaelekea kufikiria muda mrefu kwa wenye hatari kubwa ya kuganda. Hawajakubaliana, na ninyi hamtawakubalisha kwenye raundi. Mimi naandika tarehe ya siku ya 60, siku hiyo ECG na Holta, akiwa sainasi na hana sababu nyingine nakaa na hesabu ya kiharusi mkono mmoja na ya kutoka damu mkono mwingine, hasa kama yuko na aspirini pia. Amiodaroni naikata wiki ya sita hivi, na ikikatwa INR inaanza kushuka polepole, kwa hiyo pima tena.

Isipokuwa. Valvu ya chuma, warfarini haina tarehe ya mwisho, AF au bila AF, na msijaribu vidonge vipya. Mitro stenosisi ya rumatiki yenye AF, warfarini vilevile. INVICTUS 2022 ililinganisha dawa hizo na rivaroksabani kwa wenye AF ya moyo wa rumatiki, waliobaki kwenye dawa za kundi la warfarini walikufa wachache zaidi. Hawa ndio wengi wodini kwetu, kwa hiyo ile sheria ya siku 60 msiipake kila mtu kama mafuta ya nazi.

Mzee hatukumrudishia warfarini baada ya ile damu. Amiodaroni ikakatwa, siku ya 60 ECG sainasi, Holta safi. Alikuja kliniki na ile karatasi yangu ya kwanza imekunjwa mfukoni, akaifungua mezani akaniuliza, "Daktari, hii endelea yako bado inaendelea?" Nikachukua kalamu nikaikata, nikaandika tarehe.

Yule mama wa jana, faili lake liko pale kaunta. Dogo, eko kwanza.