Kazi nne ndani ya miaka mitatu: nilivyozieleza kwenye usaili

Usaili wa kwanza nilioharibu ulikuwa Njiro, hapa Arusha. Mama aliyekuwa akinihoji alisoma wasifu wangu, akavua miwani, akauliza: "Na sisi utatuacha mwezi gani?" Nilijibu kwamba nilikuwa nikitafuta maslahi bora. Kwa jibu hilo nilizifunga kazi zote nne kwenye kapu moja, nikaonekana mtu wa mguu ndani, mguu nje.

Ukweli ulikuwa huu. Kampuni ya safari ilinichukua idara ya kuhifadhi nafasi kuanzia Juni 2021 hadi Machi 2022, mkataba wa msimu. Masika yakiingia, wageni hupungua na watu wa msimu huondoka. Kisha loji moja Karatu, miezi minne, nikaacha mwenyewe. Kisha mradi Moshi, miezi kumi na moja, ukaisha. Mwisho nikamshikia nafasi dada aliyekuwa likizo ya uzazi, miezi mitatu.

Yaani kazi tatu zilikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ninasaini. Niliyoacha ni moja tu, ila wasifu wangu haukusema hivyo. Niliurekebisha kwa maneno machache mbele ya kila tarehe: "mkataba wa msimu", "mkataba wa mradi, ulikamilika", "kushikilia nafasi ya likizo ya uzazi". Karatu sikuandika sababu. Hiyo niliiacha niulizwe.

Miezi sikuificha. Wapo wanaoandika mwaka mtupu, "2022–2023", ili mapengo yasionekane. Msaili mzoefu huanza hapohapo, na cheti cha utumishi kina tarehe zote. Hicho cheti kidai: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma, hata kama ulikaa muda mfupi. Mimi cha mradi nilikifuata Moshi mara mbili.

Kazi ya kuandalia jibu ni ile uliyoacha. Loji ilichelewesha mishahara, lakini nilipojaribu kulisimulia hilo kwa mume wangu, nilimaliza dakika tano nalalamika. Nikalipunguza hadi hivi: "Malipo hayakwenda kama mkataba ulivyosema. Nilizungumza na meneja mara mbili, nikatoa notisi ya mwezi, nikamkabidhi mwenzangu buking zote za Oktoba. Namba ya meneja iko kwenye wadhamini wangu." Kisha nanyamaza. (Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi.) Lakini usimweke meneja kama mdhamini kabla hujampigia na kusikia atasema nini.

Kama ni mbili au tatu uliziacha mwenyewe, maelezo ya mikataba hayatakuokoa. Hapo utaulizwa nini kimebadilika, na jibu liwe kitu kinachoonekana.

Usaili uliofuata, wa hoteli, swali lilikuja vilevile. Walichoandika kwenye karatasi yao ni namba ya meneja wa Karatu. Walimpigia Alhamisi, Jumatatu nikaitwa kusaini.