Unahamisha marejeo yote kwenda Zotero? Anza na majina ya wizara

Kama huandikii LaTeX, mi nashauri utoe maktaba yako kwenye programu ya zamani kama faili la RIS badala ya BibTeX, maana BibTeX ya kawaida haina aina ya habari ya gazeti wala ukurasa wa tovuti, kwahiyo gazeti linaingia kama @article na tovuti inakuwa @misc alafu unakaa kurekebisha moja moja, wakati RIS ina alama zake, NEWS ya gazeti, ELEC ya tovuti, RPRT ya ripoti. Wa LaTeX baki na BibTeX, vinginevyo zile funguo ulizoandika kwenye \cite zitapotea.

Ila kinachoharibika kimyakimya ni waandishi ambao sio watu. Chukua ripoti ya wizara ya afya ya Tanzania ya miaka kama 2018, mwandishi ni Ministry of Health, Community Development, Gender, Elderly and Children. BibTeX inatenganisha waandishi kwa neno and, so hapo inaona wawili, na wa pili anaitwa Children! Ukinukuu kwa APA wanatoka waandishi wawili, wa pili Children, na hakuna onyo lolote. Dawa ni kufungua faili la .bib kwenye Notepad kabla ya kuimpoti, unaongeza mabano ya pili:

```
author = {{Ministry of Health, Community Development, Gender, Elderly and Children}},
```

RIS haina shida ya and kwasababu kila mwandishi ana mstari wake wa AU, lakini koma ya kwanza inasomwa kuwa mwisho wa jina la ukoo, na kinachofuata kinageuka jina la kwanza. Hapa naona rahisi kuimpoti kwanza, alafu ndani ya Zotero unabonyeza kile kitufe pembeni ya jina kinachobadili kuwa sehemu moja na unalipesti upya lote.

Sasa utayapataje majina yaliyokatika kwenye maktaba ya mamia ya vitu? Ndo kazi ya CSV. Zotero haiimpoti CSV kabisa, usihangaike nayo kama njia ya kuhama, lakini inaitoa, na programu uliyotoka nayo kama inatoa CSV chukua zote mbili, zipange kwa kichwa cha habari, linganisha idadi ya mistari kwanza. Alafu kwenye safu ya Author tafuta Ministry, Bureau, Organization, waandishi pale wanatenganishwa kwa nuktamkato, ukiona nuktamkato katikati ya jina la taasisi ndo limekatika. Kwenye Excel usilifungue kwa kubonyeza mara mbili, pitia Data kisha From Text/CSV uchague UTF-8, la sivyo herufi kama é zinavurugika na utadhani data imeharibika kumbe ni nzima.

Na folda, RIS wala BibTeX hazizibebi, kwahiyo kabla hujatoa wape vitu vya kila folda tagi yenye jina la folda hiyo, tagi zinasafiri kwenye mstari wa KW kwa RIS, na keywords kwa BibTeX.