Taarifa ya mkopo wa chuo Marekani: anza na tarehe, ndipo uangalie deni

Wengi wetu tunaosoma huku Marekani kwa mkopo wa serikali kuu tunaambiwa kwamba marejesho huanza miezi 6 baada ya kuhitimu. Si hivyo hasa. Muda wa nafuu wa miezi 6 huanza siku inayofuata ile uliyoacha kusoma angalau nusu muda, na kwa shahada ya kwanza nusu muda kwa kawaida ni krediti 6 kwa muhula. Kama umeshuka chini ya hapo, miezi inahesabika hata kama bado unaingia darasani.

Chukua mfano wa dada aliyekuwa koleji ya miaka miwili. Alikopa dola 6,000 za Unsubsidized, mkopo ambao riba yake haulipiwi na serikali, kwa riba ya asilimia 5.50, ile ya mwaka wa masomo 2023–24. Chuo kilipokea 3,000 tarehe 5 Septemba 2023, na 3,000 nyingine tarehe 16 Januari 2024. Alipofika muhula wa mwisho alibakiwa na somo moja tu la krediti 3. Akahitimu Mei 2025, akawa anatarajia kuanza kulipa Novemba. Taarifa ikamwonyesha kwamba muda wa nafuu unaisha 13 Juni 2025, na malipo ya kwanza ni Julai.

Taarifa ilikuwa sahihi. Muhula wake wa mwisho wa kusoma nusu muda uliisha 13 Desemba 2024, na chuo kiliripoti hivyo. Kwa hiyo ukiona tarehe usiyoitarajia, ingia studentaid.gov uangalie hali yako ya usajili na tarehe iliyoandikwa hapo. Ikiwa kweli ulikuwa na krediti 6 na chuo kimeripoti pungufu, nenda ofisi ya msajili wa chuo ukawaombe warekebishe. Kampuni inayosimamia mkopo inafuata kilichoripotiwa na chuo. Ukiwapigia simu wao kwanza watakurudisha huko huko. Na ukirudi kusoma nusu muda kabla miezi 6 haijaisha, unarudishiwa miezi yote 6. Ikishaisha, kwa mkopo huo haipo tena.

Sasa riba. Mkopo wa Subsidized hautozwi riba ukiwa masomoni nusu muda wala katika muda wa nafuu, lakini Unsubsidized hutozwa tangu siku fedha zinapotoka. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe: deni la msingi mara riba, gawanya kwa 365. Kila 3,000 ya yule dada ilizaa senti 45 kwa siku. Sehemu ya kwanza ilikaa siku 647 hadi 13 Juni 2025, ya pili siku 514. Jumla ni karibu dola 525.

Swali la kujiuliza ni hizo 525 zimekaa wapi. Tangu 1 Julai 2023, mikopo ya Direct, yaani hii ya serikali kuu inayomilikiwa na Wizara ya Elimu, haiongezewi riba kwenye deni la msingi pale unapoingia kwenye marejesho kwa mara ya kwanza. Basi taarifa yake ilipaswa kuonyesha Principal, yaani deni la msingi, 6,000, na riba ambayo haijalipwa 525 katika mstari wake peke yake. Ingeonyesha Principal 6,525, maana yake riba imegeuzwa kuwa deni, nayo inazaa riba: kutoka senti 90 kwa siku hadi senti 98. Hapo fungua historia ya miamala, utafute mstari wenye neno Capitalized pamoja na tarehe yake, kisha uiandikie kampuni kuuliza sababu.

Sababu halali zipo. Ukiahirisha malipo baadaye kwa utaratibu wa deferment, riba ya Unsubsidized huongezwa kwenye deni kipindi hicho kinapoisha. Ukiunganisha mikopo kuwa mmoja, riba isiyolipwa huingia kwenye deni jipya, na ukifanya hivyo ndani ya muda wa nafuu kwa kawaida unapoteza siku zilizobaki. Mikopo ya benki binafsi haifungwi na kanuni hiyo ya 2023, hivyo soma mkataba wako wenyewe.

Ushauri wangu: kama una hata dola 100 kabla ya malipo ya kwanza, lipa. Hakuna adhabu ya kulipa mapema, na fedha hizo hupunguza kwanza riba iliyolimbikizwa.

Angalia pia tarehe ya kuisha kwa muda wa nafuu kando na ile ya malipo ya kwanza, maana hazifanani. Bili hutumwa angalau siku 21 kabla ya kulipa, na mara nyingi huenda kwenye barua pepe uliyoiandika ulipoomba mkopo. Kama ni ya chuo, ibadilishe kabla haijafungwa. Ukichelewa siku 90, jina lako linapelekwa kwenye mashirika ya rekodi za mikopo, iwe uliiona bili au hukuiona.