Umefukuzwa Kazi Bila Kusikilizwa? Hesabu Siku Zako Kwanza

Msomaji mmoja, mtunza stoo, ametuandikia kwamba alipewa barua ya kufukuzwa kazi kwa sababu mifuko ya saruji haikutimia stoo. Hakuitwa kwenye kikao chochote. Alipouliza, meneja alimjibu kuwa kosa liko wazi, kikao cha nini?

Jibu hilo wafanyakazi wengi hulimeza, na hapo ndipo wanapopoteza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania, inamtaka mwajiri awe na vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu inaweza kuwa mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake wa kufanya kazi, kutopatana kwake na wenzake au mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Lakini hata sababu ikiwa na nguvu kiasi gani, haizibi pengo la utaratibu. Na mwenye jukumu la kuthibitisha yote mawili ni mwajiri. Ila kinga hii haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo.

Kwa kosa la nidhamu, utaratibu wenyewe umeelezwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Mwajiri anaanza na uchunguzi. Akiona kuna jambo, anakupa tuhuma kwa lugha unayoielewa, kisha anakuacha ujiandae kwa muda usiopungua saa 48 kabla ya kikao. Kwenye kikao una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako, kuhoji mashahidi wa mwajiri na kuleta wako. Mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Ukionekana na hatia, bado unapewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu: miaka uliyotumika, rekodi safi, hali ya familia. Baada ya hapo uamuzi unatolewa pamoja na sababu zake.

Kuandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, ukajibu, kisha ukafukuzwa, si kusikilizwa. Barua haikupi nafasi ya kumhoji anayekutuhumu. Kwa mtunza stoo wetu hilo ndilo lenye uzito: nani alihesabu mifuko, stoo ina funguo ngapi, na hati ya kupokelea mzigo iliandikwa idadi gani? Huenda mifuko ilipungua tangu kwenye lori. Maswali hayo yangeulizwa kikaoni. Tahadhari moja tu: ukiitwa kikaoni ukagoma kwenda bila sababu ya msingi, kikao kinaweza kuendelea bila wewe, na hoja ya kutosikilizwa inakufia mkononi.

Sasa tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Tuseme barua ilikufikia tarehe 3 Machi, ikaonyesha kuwa ajira imekoma siku hiyo hiyo. Basi siku zako zinaishia tarehe 2 Aprili. Mazungumzo ya pembeni na ofisi ya rasilimali watu hayasimamishi hesabu hiyo. "Subiri tunalishughulikia" imewaponza wengi kuliko kosa lolote la stoo.

Unajaza Fomu Namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala na kuhakikisha anasaini kuipokea, kisha unaifungua Tume pamoja na uthibitisho huo. Wengi huandika tu kwamba wanadai mishahara na likizo. Hayo ni malipo, si uhalali wa kuachishwa. Jaza pia Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa kazi, na humo ueleze mambo mawili kila moja mahali pake: kwa nini sababu si halali, na utaratibu gani haukufuatwa. Ukiandika upande mmoja tu, mwenzako wa upande wa pili atakubana kwenye hatua ya uamuzi.

Kabla ya hapo, usisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari, wala karatasi inayosema huna madai tena, eti ili ulipwe haraka. Soma unachosaini. Weka pamoja mkataba, hati za mshahara, barua ya kufukuzwa na ujumbe wa simu ulioitiwa ofisini.

Ukishinda, Tume inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Mwajiri akithibitisha sababu lakini akaanguka kwenye utaratibu, tarajia fidia pungufu. Mahakama zimeshaamua hivyo. Ndiyo maana hoja ya sababu usiiache hata kama ya utaratibu inaonekana nyepesi kushinda.

Siku 30 zikiwa zimepita, kuna Fomu Namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, pamoja na hati ya kiapo. Humo unaeleza kila siku uliyochelewa na ushahidi wake, kwa mfano cheti cha hospitali chenye tarehe. "Sikujua sheria" haipokelewi.