Thamani eigeni za matriksi ya diagonali tatu: ile 5 inatoka wapi

*"Nina matriksi ya 4 kwa 4: diagonali ni 2, juu na chini yake ni −1, kwingine 0. Natumia 2 − 2cos(kπ/4) lakini jibu halikubali. Nimekosea wapi?"*

Mdogo wangu, gawa kwa 5. Mimi nilikwama hapohapo nilipokuwa nasoma Bukavu. Usiku mzima kule Kadutu nilirudia fomula niliyoikariri, mpaka nilipoiacha nikatazama mstari mmoja tu wa matriksi:

```
-v(j-1) + 2v(j) - v(j+1) = λ v(j)
```

Mstari wa kwanza hauna jirani upande wa kushoto, na wa mwisho hauna wa kulia. Ili yote minne ifuate kanuni moja, ongeza v0 na v5, zote ziwe 0. Ni kama kamba ya nguo iliyofungwa kwenye misumari miwili: vibanio ni vinne, lakini nafasi kati ya msumari na msumari ni tano.

Sasa weka v(j) = sin(jθ). Sini za majirani wawili zikijumlishwa zinatoa 2cosθ·sin(jθ), kwa hiyo λ = 2 − 2cosθ. v0 ni 0 yenyewe. v5 inadai sin5θ = 0, yaani θ = kπ/5, k kuanzia 1 hadi 4; k = 0 au 5 ingefanya vekta nzima kuwa sufuri.

Kosini ya nyuzi 36 ni 0.809, ya 72 ni 0.309. Unapata 0.382, 1.382, 2.618 na 3.618. Jumla yake ni 8, sawa na diagonali yako. Zidisha 0.382 kwa 2.618 upate 1, kisha 1.382 kwa 3.618 upate 5: determinanti ni 5 kweli. Zako za kugawa kwa 4 zina jumla ya 10, na hilo peke yake lingekuonya.

Ila usitegemee jumla pekee. Kosini hizi nne hufutana, basi hata ukikosea namba za pembeni jumla hubaki 8. Kwa matriksi ya n kwa n yenye a katikati, b juu na c chini (bc chanya), fomula ni

```
λ = a + 2√(bc) cos(kπ/(n+1))
```

na kosa la b au c utalinasa kwa determinanti. Kikokotoo nacho kikiwa kwenye nyuzi huku umeandika kπ/5 ndani ya 2 − 2cosθ, λ zote nne zitakuwa karibu na sufuri.

Angalia pia kona ya matriksi. Ikiwa namba ya mwisho ya diagonali ni 1 badala ya 2, fomula hii haifai tena: determinanti inashuka kutoka 5 hadi 1, na θ inakuwa (2k−1)π/9.